Kwa nini Wajaini hawakumezwa: jibu linaanzia jikoni

"Mwalimu, shikamoo. Nimekulia Ngara, Nairobi, jirani zetu wakiwa Waoshwali, watu wenye asili ya India wanaofuata dini ya Kijaini, na tangu utotoni nilijua kwamba wazee wao hawali vitunguu na hawali usiku. Juzi nimesoma kuhusu watawa wao wa huko India: hawapiki, hawashiki fedha, hawapandi chombo chochote cha usafiri. Dini yenye viongozi wasioweza hata kujipikia uji ilisalimikaje zaidi ya miaka elfu mbili katikati ya Wahindu na Waislamu, ilhali Wabudha waliokuwa na wafalme na vyuo vikubwa walififia huko huko walikozaliwa?"

Marahaba. Mimi naamini masharti hayo magumu ndiyo yaliyowaokoa. Ili uone ni kwa njia gani, twende kwanza jikoni, kwa sababu mambo makubwa ya dini hii huamuliwa huko.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya mtaa wa zamani wa Ahmedabad, Gujarat. Kama saa nne asubuhi waliingia watawa wawili wa kike, peku, wamevaa mashuka meupe, kila mmoja amebeba mabakuli ya mbao yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mkononi walikuwa na ufagio laini wa sufu, wa kuwapisha wadudu kabla ya kukaa au kuweka kitu chini. Hawakuomba chochote. Walisema neno moja la baraka, "dharmalabh", wakasimama kimya. Mama mwenye nyumba alifurahi sana, akachukua sahani ya chapati na kuwaendea. Mtawa aliyetangulia akafunika bakuli lake, akageuka, wakatoka.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki: yule mama alikuwa anaosha majani ya giligilani, na mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji ya bomba. Kwa Wajaini maji mabichi yana uhai ndani yake, na majani mabichi vilevile. Mkono ulio katika hali hiyo hauwezi kumpa mtawa chakula, maana mtawa atakuwa ameshiriki katika madhara yanayotendeka hapo hapo. Kufuta mikono haraka haraka kwa ajili ya mgeni kusingesaidia. Mama yule alibaki mlangoni na sahani yake, machozi yakimlengalenga. Nyumba nzima ilipoa kwa siku ile, na jioni wakwe walikuwa bado wanaulizana nani aliacha ile giligilani mpaka saa nne.

Mtawa wa Kijaini ameweka nadhiri tano kuu: kutodhuru kiumbe chochote, kutosema uongo, kutochukua asichopewa, kujiepusha kabisa na tendo la ndoa, na kutomiliki kitu. Nadhiri ya kwanza ndiyo inayomzuia kupika, kwa kuwa moto, maji, mboga na hewa vyote vina viumbe. Kwa hiyo lazima ale kutoka kwa wengine. Lakini hapo tena kuna kizuizi, na hiki ndicho ninachotaka ukishike: chakula hicho kisiwe kimepikwa kwa ajili yake. Kama kimepikwa kwa ajili yake, basi viumbe waliokufa jikoni wamekufa kwa sababu yake. Vitabu vyao vya kale vinahesabu makosa 42 yanayoweza kuharibu sadaka ya chakula, na mengi yanarudi kwenye hoja hiyo moja.

Ndiyo maana watawa wenye nguo nyeupe, wanaoitwa Shwetambara, huomba kwa mtindo unaoitwa gochari, yaani malisho ya ng'ombe. Ng'ombe hukata majani juu juu, hapa kidogo na pale kidogo, hang'oi mzizi. Mtawa huchukua chapati moja nyumba hii, dengu kijiko kimoja nyumba ile, ili mwenye nyumba asilazimike kuwasha jiko tena kufidia kilichopungua. Hatangazi ataingia nyumba gani. Akiona mtu anawasha taa kwa ajili yake, au anasogeza ndoo ya maji mabichi kumpisha, anaondoka.

Sasa tazama fumbo lenyewe. Chakula kisiwe cha mtawa, lakini kiwe kinachomfaa mtawa. Kisiwe na nyama wala mayai, na kisiwe na viazi, karoti, vitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa kinachokua chini ya ardhi huaminiwa kuwa na viumbe wasiohesabika, na kukichimba ni kuua mmea wote. Maji yawe yameshachemshwa. Chakula kiwe tayari mchana, maana mtawa hali wala hanywi baada ya jua kuzama. Nyumba itatimizaje haya yote bila kupika kwa ajili ya mtawa? Njia ni moja tu: familia yenyewe ile hivyo kila siku, aje mtawa asije.

Hapo ndipo dini ilipojijenga. Bakuli lile la mbao, likipita nyumba kwa nyumba, lilikuwa kama mkaguzi asiyepiga hodi, na kila jiko lilijiweka tayari kwa ukaguzi. Mtawa asiye na kitu alimfanya mlei awe nusu mtawa.

Mlei naye amepangiwa ngazi yake. Ana nadhiri zile zile tano, ila kwa kipimo kidogo: mtawa hadhuru hata mdudu asiyeonekana, mlei anajizuia kumdhuru kwa makusudi kiumbe anayetembea, mtawa hana mali, mlei anajiwekea kikomo cha mali. Kuna ibada iitwayo samayika, ambapo mlei huketi kwenye mkeka wake kwa dakika 48, hafanyi kazi yoyote ya dunia, na kwa dakika hizo huhesabiwa kuwa kama mtawa. Kuna nyingine, posadha, anayoishi kitawa mchana kutwa au mchana na usiku wake. Aliyeizoea samayika tangu ana miaka kumi haoni utawa kama jambo la watu wa ajabu. Ameshauonja, dakika 48 kila mara.

Na wanaoushika mnyororo huu zaidi ni wanawake. Wao ndio wanaojua chungu kipi kina maji ya kuchemsha, nani amefunga leo, jua linazama saa ngapi. Miongoni mwa Shwetambara watawa wa kike ni wengi kuliko wa kiume, na hao ndio wanaoingia majikoni na kuzungumza na mama wa nyumba. Historia iliyoandikwa inawataja zaidi wafalme na maaskofu wa kiume, lakini dini hii ilirithishwa na mama kwa binti, na mama mkwe kwa mke wa mwana.

Tukija kwa Wabudha, kwanza tuseme kwamba hawakutoweka kabisa India. Bado wako, ingawa wengi wao leo wanatokana na watu waliobadili dini pamoja na Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka la chini kabisa, mwaka 1956. Ila ni kweli kwamba ule Ubudha wa kale ulififia. Sababu ni nyingi na wanahistoria bado wanabishana. Mimi naona tofauti moja ina uzito kuliko nyingine. Mtawa wa Kibudha aliruhusiwa kupokea karibu chochote alichowekewa bakulini, kwa hiyo jiko la mtoaji halikulazimika kubadilika. Baadaye nyumba zao kubwa za kitawa ziliacha kutegemea bakuli. Nalanda, kule Bihar, iliishi kwa mapato ya vijiji mia na zaidi ilivyopewa na wafalme. Palikuwa na elimu ya hali ya juu kabisa, lakini mkulima wa kijiji cha jirani hakuhitaji kuwa Mbudha ili kodi yake ilishe watawa. Majeshi yalipoivamia Bihar karibu mwaka 1200, na wafalme wafadhili walipokwisha, hapakuwa na mtaa wa walei wenye mazoea yao, ndoa zao na majiko yao wa kuanzisha tena kilichoteketea.

Mtawa wa Kijaini hakuweza kuketi pamoja namna ile. Sheria inamtaka atembee kwa miguu kijiji hadi kijiji, na kutulia sehemu moja miezi minne tu ya mvua, wakati ardhi imejaa wadudu na kutembea ni kuua. Miezi hiyo minne hukaa katikati ya walei na kufundisha kila siku. Mahekalu, majengo ya kupumzikia, maktaba za miswada, vyote ni mali ya walei, kwa sababu mtawa hawezi kumiliki. Ukiua watawa wa mji mmoja, wengine wako njiani. Ukibomoa hekalu, aliyelijenga bado yuko dukani kwake.

Mfano wa huyo wa dukani ni Shantidas Jhaveri, sonara na mkopeshaji tajiri wa Ahmedabad, aliyejenga hekalu la fahari miaka ya 1620. Mwaka 1645 Aurangzeb, akiwa bado mwana wa mfalme na gavana wa Gujarat, aliligeuza kuwa msikiti. Hakuna mtawa aliyekwenda mahakamani. Shantidas, ambaye ikulu ilimjua kwa vito na mikopo yake, ndiye aliyeifikisha kesi kwa mfalme Shah Jahan, baba yake Aurangzeb, na mwaka 1648 ikatoka amri arudishiwe jengo lake.

Lakini fedha peke yake haitoshi kuishi na jirani aliye mkubwa kuliko wewe mara mia. Kilichohitajika pia ni kujua pa kulegeza. Mtawa mmoja wa Digambara, tawi la pili kubwa la Wajaini, aitwaye Somadeva, aliyeandika kusini mwa India mwaka 959, aliweka kanuni iliyo fupi na yenye busara sana: Mjaini anaweza kufuata desturi yoyote ya jamii inayomzunguka, mradi isiharibu imani yake na isivunje nadhiri zake. Ndiyo maana utakuta Mjaini akiozeshwa na Brahmini, kuhani wa Kihindu, na Diwali akiisherehekea mtaa mmoja na Wahindu, ingawa kwake ni siku ya Mahavira, mwalimu mkuu wa kale wa Wajaini, kupata ukombozi. Gujarat utakuta familia za wafanyabiashara ambazo upande mmoja ni Wajaini na mwingine ni waumini wa Vishnu, na wanaoana. Nguo, lugha na harusi ziliachwa zifanane na za jirani. Jiko halikuachwa. Mpaka wao uliwekwa pale ambapo jirani hakuona haja ya kupigana, kwani nani atakwenda vitani kwa sababu mtu hali kitunguu?

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu jambo hili kimechongwa kwenye jiwe. Kiko Shravanabelagola, Karnataka, ambako juu ya kilima imesimama sanamu ya jiwe moja ya Bahubali, mtakatifu wa Kijaini, yenye urefu wa karibu mita 17, iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 10. Kufikia mwaka 1368 nchi ile ilikuwa chini ya dola ya Vijayanagara, na kundi lenye nguvu lilikuwa la Washrivaishnava, tawi la Wavaishnava, yaani waumini wa Vishnu. Wajaini walidhulumiwa, na ugomvi ulihusu pia nani ana haki ya kupigiwa zile ngoma na zumari tano za heshima kwenye ibada na maandamano. Walioandika malalamiko kwa mfalme Bukka wa kwanza walikuwa walei kutoka miji na wilaya mbalimbali.

Jiwe linasimulia kwamba mfalme aliwaita viongozi wa pande zote mbili, akaushika mkono wa Wajaini na kuuweka ndani ya mkono wa Wavaishnava, akatamka kwamba hakuna tofauti kati ya njia hizi mbili, na kwamba Wajaini watakuwa na ngoma zao kama zamani. Hapo angeweza kuishia kwenye maneno matamu. Lakini mapatano yakaendelea: kila nyumba ya Kijaini katika ufalme itoe sarafu moja ndogo, hana, kwa mwaka. Mkusanyaji awe kiongozi wa Wavaishnava, Tatayya wa Tirumala. Kwa fedha hizo Wavaishnava wenyewe waweke walinzi ishirini wa kumlinda mungu wa Belagola, na zitakazobaki zipake chokaa na kukarabati mahekalu ya Kijaini yaliyochakaa.

Yaani aliyekuwa akikutisha ndiye anayelipwa kukulinda, na jina lake liko kwenye jiwe, mbele ya kila mhujaji. Tena hesabu inakwenda kwa nyumba. Angalia kinachotegemewa hapo: walei wanaohesabika, kila mlango unajulikana kuwa wa Kijaini, na wana mtandao wa kukusanya na kudai. Jamii isiyo na mpaka unaoonekana isingeweza kuingia mkataba wa aina hiyo.

Nisikupe picha ya ushindi mtupu. Kuna mahali njia hii ilishindwa. Katika nchi ya Watamil, Wajaini walikuwa na nguvu kubwa mpaka karne ya 7, kisha wakaja washairi waimbaji wa Shiva, ambao mmoja wao, Appar, aliwahi kuwa mtawa wa Kijaini mwenyewe. Nyimbo zao za mapenzi kwa Mungu, kwa lugha ya watu, ziliwavuta wafalme na wananchi, na Wajaini wakabaki kundi dogo. Bihar, walikozaliwa, walipungua vilevile. Walibaki na mizizi pale walei wao walipokuwa wengi na wenye uwezo: Gujarat, Rajasthan, Karnataka na maeneo ya jirani. Sensa ya India ya 2011 iliwahesabu karibu milioni 4.45, chini ya nusu ya asilimia moja ya watu wote.

Na watawa nao hawakushika sheria sawasawa karne zote. Digambara, wale ambao watawa wao wa kiume hawavai nguo kabisa na hula mara moja kwa siku, wamesimama, chakula kikiwekwa kwenye viganja vyao, walifika mahali ambapo watawa wa namna hiyo karibu waishe. Nafasi yao ilishikwa na viongozi waliovaa nguo, wakakaa kwenye nyumba zenye ardhi na mapato. Ndiyo hatari ile ile ya Nalanda. Katika karne ya 18 na 19 ilikuwa nadra mno kumwona mtawa wa kweli wa Digambara. Kisha mtu aliyezaliwa mwaka 1872 kusini, jina lake la kitawa Shantisagar, alishika sheria za kale kwa ukamilifu, akatembea kwa miguu mpaka kaskazini, na kabla hajafariki mwaka 1955 utawa ule ulikuwa umefufuka.

Alifufuaje kitu ambacho vizazi kadhaa hawakukiona? Kwa sababu walei walikuwa bado wanacho. Walikuwa na vitabu vyenye masharti, walijua kuchemsha maji, walijua kusimama mlangoni na kumkaribisha. Kawaida tunasema watawa wanaibeba dini na walei wanawalisha. Hapa utawa ulilala usingizi mrefu ndani ya nyumba za walei, ukaamkia humo humo.

Hilo linatuleta kwa jirani zako wa Ngara. Waoshwali wengi wa Kenya asili yao ni vijiji vilivyo karibu na Jamnagar, Gujarat, na nikusahihishe jambo moja ambalo wengi hulikosea: hawakuwa matajiri wa biashara waliotafuta masoko. Walikuwa wakulima, na ukame mkubwa wa 1899 na 1900 uliwasukuma wengi wapande majahazi. Biashara waliijua huku.

Walipovuka bahari waliacha nyuma kitu kimoja wasichoweza kukibeba: watawa. Mtawa hapandi jahazi, meli wala ndege. Mwaka 1893 mtawa mkuu Atmaram alipoalikwa kwenye Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, hakuweza kwenda, akamtuma mlei, mwanasheria Virchand Gandhi, ndiye akasema kwa niaba ya dini nzima. Ni mwaka 1980 tu ambapo kiongozi wa tawi la Terapanth, Acharya Tulsi, alianzisha daraja la kati la watawa wanaoruhusiwa kusafiri kwa chombo ili wawafikie Wajaini wa nje, na matawi mengi hayakumfuata.

Kwa hiyo Wajaini wa Nairobi, Mombasa, Nakuru na Thika wameishi vizazi vizima bila mtawa mlangoni. Walijenga mahekalu, wakafundisha watoto, na msimu wa mvua wa India ukifika wanafunga kama wenzao wa ng'ambo. Baadhi ya masharti yamelegea. Viazi vimeingia nyumba nyingi, na usikose heshima kwa mtu kwa sababu hiyo, maana sheria ya mlei ina ngazi na kila mtu anasimama yake. Lakini mwulize bibi wa jirani yenu, kwa adabu, kwa nini sufuria la maji hutangulia kuwekwa motoni kila asubuhi, na kwa nini chakula cha jioni kinaliwa mapema, jua la Nairobi likiwa halijazama. Atakueleza mwenyewe, na huenda akakuonyesha sufuria lenyewe.